Jumlisha Moja

Kuna watu wanaoogopa makaburi, na kuna wanaoogopa giza. Senti alikuwa anaogopa ngazi. Si ngazi zote, la. Zile za saruji zilizoanzia nje ya mlango wa ofisi yake na kupanda mpaka ghorofani walikolala watoto. Tangu Dada yake afariki hakuwahi kuzikanyaga, na mtu akimwita kutoka juu alijibu kwa sauti kubwa akiwa pale pale chini, kama mtu anayezungumza na fundi aliye darini.

Jina lake halisi lilikuwepo kwenye mkataba wa kazi na halikuwa likitumika mahali pengine. Walimwita Senti kwa sababu hesabu ikipungua senti moja, hapati usingizi. Alikuwa mhasibu wa nyumba ile, nyumba ya ghorofa moja iliyotazamana na hospitali kubwa. Watoto waliotoka mbali kwa matibabu ya saratani walilala pale na mama zao, mtoto na mama kitanda kimoja, asubuhi wakivuka barabara kwenda kutundikiwa dripu na jioni wakirudi kutapika na kulala. Mlezi mkuu wa ghorofani alikuwa Dada yake Senti. Wagonjwa nao walimwita Dada, na madaktari pia, mpaka Senti akawa anasikia wivu: mtu ana dada mmoja tu, na dunia nzima inamgawana.

Kiharusi kilimwangusha Dada mwaka uliopita, akiwa kazini. Walimvusha barabara kwa machela na hakurudi.

Ya usiku ule Senti alikuwa anayakumbuka vipande vipande. Alikumbuka wodi, alikumbuka shuka lililovutwa mpaka usoni, halafu alikumbuka mkono wa mtu ukimwongoza kupanda ngazi. Aliamka asubuhi kwenye kitanda kisafi, kwenye chumba kidogo, na kikombe cha chai pembeni kimefunikwa kwa kisahani. Akatoka mbio. Kitu kimoja kilimchoma tangu siku ile, na hakukisema kwa mtu: vitanda vya nyumba hii vinahesabika, na kila kimoja kina mwenyewe. Kama yeye alilala kitandani, basi yuko mama aliyelala chini na mtoto mgonjwa. Dada alikuwa anawapigania akina mama hao usiku na mchana, na usiku wa kufa kwake mdogo wake akawanyang'anya kitanda. Kwa hiyo hakupanda tena. Angewatazamaje?

Na kulikuwa na ile sauti. Siku nyingine, akifika kazini mapema kabla ya wenzake, alisikia juu ya kichwa chake chuma cha kitanda kikilia. Kinalia, kinanyamaza, kinalia tena, kama mtu anageuka huku na kugeuka kule. Alijua ni upuuzi. Alikuwa mtu wa risiti, haamini mizimu. Hata hivyo alikuwa anasema kwa sauti ya chini, "Lala basi, Dada," kisha anawasha kompyuta.

Siku ya mkasa huu Daktari aliingia ofisini bila kubisha hodi. Daktari alikuwa mkurugenzi wa nyumba, mganga mstaafu, mrefu, mwenye tabia ya kusoma karatasi akiwa ameiweka mbali na uso utadhani inanuka.

"Kesho saa sita mchana mfadhili mpya anafunga mlango wa maombi," alisema. "Umefika wapi?"

"Nahamisha, Daktari."

"Kuhamisha si kunakili tu? Kata huku, bandika kule."

Senti alimtazama kwa jicho la mtu aliyeulizwa kama upasuaji si kukata na kushona tu. Daktari akaelewa, akakohoa.

Mfadhili wao wa zamani alikuwa amejitoa. Mpya alikuwa amepatikana, yuko tayari kubeba nyumba nzima kwa mwaka, ila bajeti lazima ije kwenye kiolezo chake: faili lenye kurasa zake, safu zake, na seli zilizofungwa kwa nywila ambazo huwezi kuzigusa hata ukilia. Bajeti ya ndani, ile iliyopitishwa na bodi, ilipangwa kwa jinsi nyumba inavyoishi: jikoni, usiku, usafiri, ofisi. Kiolezo cha mfadhili kilitaka aina ya matumizi: mishahara, malazi, vifaa, nauli, uendeshaji. Pesa ni zile zile, ila zinatakiwa zivue nguo hizi zivae zile, na zikimaliza kuvaa jumla iwe ile ile iliyosainiwa na bodi: milioni tisini na sita na laki tatu. Ikizidi, bodi haikuidhinisha. Ikipungua, kuna kitu kimedondoka njiani, na kilichodondoka hakitalipwa mwaka mzima. Na wasipopeleka kabisa, mwisho wa mwezi nyumba inafungwa na watoto wanarudi makwao na magonjwa yao.

Senti alikuwa na namna yake ya kufanya kazi hii. Kati ya faili mbili alitengeneza ukurasa wa daraja: kila mstari wa bajeti ya ndani upande wa kushoto, na kulia kwake anwani ya mahali unapokwenda kwa mfadhili. Hakuna mstari kuvuka bila anwani, na hakuna mstari kuvuka mara mbili. Chini kabisa aliweka seli moja yenye rangi ya njano, inayotoa jumla ya huku kutoka jumla ya kule. Seli hiyo ikisoma sifuri, amemaliza. Isiposoma sifuri, hatoki.

Mitego ya kawaida aliijua. Wafanyakazi walilipwa miezi kumi na tatu, ule wa kumi na tatu ukiwa malipo ya likizo, lakini kiolezo hakikubali mwaka wenye zaidi ya miezi kumi na miwili. Mvivu angeongeza mshahara wa kila mwezi kidogo kidogo mpaka jumla ifike. Senti hakufanya hivyo, maana siku mkaguzi akilinganisha na hati za mishahara ataona mshahara mmoja kwenye bajeti na mwingine benki. Akauacha mshahara ulivyo, akafungua mstari wa pembeni wa malipo ya likizo. Sabuni kipande kimoja ilikuwa 412.50, na kiolezo hakipokei nusu. Ukiandika 413 umedanganya, ukiandika 412 umepunja. Akabadilisha kipimo: badala ya kipande, katoni ya vipande ishirini na vinne, 9,900 kamili. Hapo alijisifia kidogo, akanywa maji.

Alasiri mistari yote ilikuwa imevuka. Akaishukia seli ya njano.

781,100.

"Haya," akasema. "Umejificha wapi?"

Akaanza upya. Akapitia mishahara, sawa. Vifaa, sawa. Nauli, sawa. Akarudi kwenye seli: 781,100. Akafunga faili akafungua tena, kama vile kompyuta nayo ilikuwa inatania. Akashuku nakala ya bajeti aliyokuwa akiitumia, akaichukua ile halisi ya bodi. 781,100. Akajenga ukurasa wa daraja mwingine kabisa, toka mwanzo, mstari kwa mstari, bila kuangalia wa kwanza. Mvua ilianza nje, watoto wakaanza kurudi kutoka hospitali, nyayo ndogo zikapita mlangoni kwake zikipanda. Seli ya njano ikasoma 781,100.

Ndipo nywele za mikono zilipomsimama. Kosa la mtu huwa linatangatanga. Ukirudia kazi, linabadilika, linahama, linakua au linapungua. Hili lilikuwa limekaa. Lilikuwa linamngoja.

Akaligeuza. Kiolezo kiliongeza chenyewe asilimia saba ya uendeshaji juu ya kila kitu, kwa hiyo akaivua kwanza. Ikabaki 730,000. Akaigawa kwa siku za mwaka. Ikaja 2,000 kamili, bila mkia.

Elfu mbili ilikuwa bei ya kitanda kimoja kwa usiku mmoja.

Akafungua sehemu ya usiku kwenye bajeti ya ndani. Sehemu ile hakuitengeneza yeye. Miaka yote Dada ndiye aliyeijaza kwa mkono wake, na baada ya Dada kufa Senti aliichukua kama ilivyo akabadilisha mwaka tu. Vitanda: 17. Usiku: 365. Bei: 2,000. Alikuwa ameiona hiyo kumi na saba mara mia. Alidhani ndiyo idadi ya vitanda, basi. Lakini andiko la mradi lilisema watoto kumi na sita, na kiolezo cha mfadhili kilijivutia chenyewe idadi ya watoto kutoka ukurasa wa wanufaika na kuizidisha kwa usiku na bei, kwenye seli iliyofungwa. Akaweka kishale juu ya kumi na saba ile, akabofya aone kilichomo ndani.

Ndani hakukuwa na kumi na saba. Ndani kulikuwa na =16+1.

Senti aliondoa mkono kwenye kipanya. Mtu akitaka kuandika kumi na saba anaandika kumi na saba. Anayeandika kumi na sita jumlisha moja ana jambo lake. Dada alikuwa anajua wazi watoto ni kumi na sita. Huyo mmoja alimweka makusudi, akamficha ndani ya seli, akafa naye.

Juu ya kichwa chake chuma cha kitanda kililia mara moja, kikanyamaza.

"Dada," alisema Senti, na safari hii hakumwambia alale. "Huyo mmoja ni nani?"

Alimwita Daktari, akamsukumia kiti kwa mguu, akamwonyesha skrini. Daktari alisoma kwa mbali kama kawaida yake.

"Atakuwa alijiwekea akiba," alisema. "Vitanda huvunjika."

"Akiba ya kitanda cha kuvunjika haiwi kila usiku mwaka mzima."

"Basi alikosea."

"Dada hakuwa anakosea hesabu. Ndiye aliyenifundisha kugawanya."

Daktari akavuta pumzi. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, na watu wema waliochoka ndio wanaotoa ushauri mbaya kwa sauti laini. "Binti yangu, sikiliza. Kuiondoa hatuwezi, bodi imeshasaini jumla, na siwezi kuikusanya bodi kabla ya kesho saa sita. Sasa, si ugawe tu? Vitanda viwe kumi na sita kama wanavyotaka, bei ipande kidogo. Inakuja ngapi?"

Senti hakuhitaji kikokotoo. "Elfu mbili mia moja ishirini na tano."

"Kamili?"

"Kamili."

"Unaona! Hata namba zenyewe zinataka. Weka hivyo tulale."

Akaweka. Alikuwa mwajiriwa, na yule alikuwa mkurugenzi. 2,125 mara kumi na sita mara 365, ikaja ile ile, na seli ya njano ikageuka sifuri. Daktari akampigapiga begani akaondoka akipiga mluzi.

Senti alibaki akiitazama sifuri yake. Kila siku sifuri ile ilimpa raha ya mtu aliyevua viatu. Leo ilimkodolea macho. Jumla ilikuwa imetimia na aliyekuwa ndani yake ametoweka. Mwaka kesho mtu angesoma vitanda kumi na sita kwa bei ya 2,125, asijue kwamba bei ile ilikuwa imembeba mtu mgongoni. Angekuja mkaguzi na risiti zinazosema elfu mbili, angesema hawa wamepandisha bei, angefuta ile mia na ishirini na tano, na yule mmoja wa Dada angekufa mara ya pili bila hata kutangazwa.

Kuna kitu kimoja tu mhasibu hufanya anaposhuku idadi kwenye karatasi. Anakwenda kuhesabu vitu vyenyewe.

Alisimama chini ya ngazi mpaka akajionea aibu. Kisha akapanda, mkono ukutani.

Juu kulikuwa na harufu ya dawa ya kuoshea sakafu na maziwa ya moto. Mama mmoja alikuwa anamfuta mtoto uso. Mwingine alimsalimu, "Shikamoo dada," na jina hilo likamgonga kifuani. Alihesabu akipita, kwa kidole, akitembea taratibu. Vyumba vikubwa viwili, vitanda vinane kila kimoja. Kumi na sita. Kila kimoja na mtoto wake, kila kimoja na mwenyewe. Korido ikaishia kwenye mlango mdogo ambao haukuwa na namba.

Ndani yake kulikuwa na kitanda kimoja, dirisha moja na kiti. Mama Pacha, mlezi wa usiku aliyeshika nafasi ya Dada, alikuwa ameinama anatandika shuka, na kila alipokibonyeza kitanda, chuma kililia. Senti aliijua sauti hiyo. Akatazama sakafu, akapiga mahesabu ya ukuta na korido. Chini ya kitanda hiki, moja kwa moja, ilikuwepo meza yake.

Kisha akakijua na chumba. Dirisha lilikuwa lile lile, na kwenye kiti kulikuwa na kisahani.

"Nililala hapa," alisema.

Mama Pacha akageuka. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyeitwa hivyo kwa sababu aliingia nyumba hii miaka mingi nyuma na watoto pacha wenye ugonjwa mmoja. "Ulilala, ndiyo," alisema. "Mimi ndiye niliyekuleta. Hukumbuki?"

"Nilimnyang'anya nani?"

"Nini?"

"Kitanda. Usiku ule. Nani alilala chini?"

Mama Pacha aliacha shuka. Uso wake ukalegea alipoelewa. "Mama wee. Mwaka mzima umetembea na hilo? Hakuna aliyelala chini. Hiki si kitanda cha mgonjwa. Hiki ni cha aliyefiwa."

Akaketi pembeni mwa kitanda, kikalia.

"Kanuni unaijua. Mtoto akifa, mama si mlezi tena, kitanda kinapewa anayengoja. Ni haki, foleni ni ndefu. Lakini mtoto anaweza kufa saa mbili usiku. Mama atakwenda wapi? Stendi? Na furushi la nguo za mtoto? Zamani walikuwa wanakaa pale getini mpaka kukuche. Dada akasema haiwezekani. Akaweka kitanda hiki. Usiku mmoja, shuka safi, chai, na asubuhi nauli ya kumfikisha kwao. Haulizwi kitu."

"Si kila usiku mtu anafiwa."

"Hapana, Mungu apishe. Kikilala tupu siku kadhaa, hela yake inangoja. Ndiyo nauli ya atakayefuata, maana wengine kwao ni mbali sana. Dada alipiga wastani." Akapapasa shuka. "Pacha wangu mmoja alipona. Wa pili alipokufa, nililala hapa. Naambiwa niligeuka usiku kucha."

Senti alisogeza kisahani, akakaa kwenye kiti. Alilia bila sauti, kwa muda mrefu, na Mama Pacha akaendelea kutandika kwa sababu ndivyo walivyokuwa wanafanya humu ndani, hawamzibi mtu machozi. Senti alilia kwa ajili ya ile sauti ya asubuhi. Mwaka mzima alidhani ni Dada hapati usingizi. Kumbe walikuwa ni watu hai, hai kabisa, mmoja baada ya mwingine, wakigeuka huku na kugeuka kule juu ya kichwa chake. Na usiku mmoja, mmojawapo alikuwa yeye mwenyewe. Dada alikuwa amempangia mdogo wake mahali pa kulala siku ya msiba wake mwenyewe, akaandika kwenye seli, jumlisha moja.

Aliposhuka hakushika ukuta.

Alifuta 2,125 akarudisha elfu mbili. Seli ya njano ikapiga kelele yake, 781,100, naye akaiambia ingoje. Akampigia simu afisa wa mfadhili. Alikuwa mwanamke mwenye sauti kavu, aliyejibu kila swali kwa kutaja kifungu.

"Chini ya malazi kuna mistari mitatu mitupu," alisema Senti. "Naweza kuutumia mmoja kwa chumba kimoja zaidi?"

"Inategemea. Mnufaika ni nani?"

"Mama."

"Mama wa mtoto yupi?"

"Wa mtoto aliyekuwepo asubuhi."

Senti alisikia mtu wa upande wa pili akifunga mlango.

"Kwa mwongozo wetu," ilisema ile sauti, taratibu zaidi, "mnufaika ni mtoto mgonjwa na mlezi wake. Mtoto akifariki anatoka kwenye idadi."

"Na mlezi wake?"

"Mwongozo hausemi."

"Kama hausemi, haukatazi."

"Siwezi kukuahidi kitu. Kamati inaweza kuufuta mstari. Inaweza pia kuanza kuuliza na mingine." Kisha, baada ya kusita, "Andika ukweli. Safu ya maelezo inachukua herufi mia mbili tu. Na chagua kipimo vizuri. Ukiweka 'mtu', mfumo utadai orodha yenye sahihi ya kila mtu."

Senti aliwaza mama wa saa mbili usiku akipewa kalamu atie sahihi. "Nimekuelewa," alisema. "Asante sana."

Akajaribu kipimo cha mwezi. 730,000 kwa miezi kumi na miwili ilileta mkia wa theluthi, kiolezo kikaukata mkia, na mwisho wa mwaka zikapungua nne. Nne tu, lakini jina lake lilikuwa Senti. Akachagua usiku. Chumba kimoja, usiku 365, elfu mbili. Kwenye maelezo akaandika: "Chumba kimoja kila usiku kwa mama ambaye mtoto wake amefariki siku hiyo: malazi, chai na nauli ya kurudi kwao. Gharama ni wastani wa mwaka." Kisha akairudia bajeti ya ndani, akaipasua ile seli ya Dada. Mstari mmoja wa vitanda kumi na sita. Chini yake mstari mwingine, wenye maneno yake, unaosomeka na mtu yeyote. Jumla ya bodi haikutikisika hata chembe.

Seli ya njano ilisoma sifuri.

Daktari alisoma asubuhi, akiwa amesimama, karatasi mbali. Alipofika kwenye mstari ule aliisogeza karibu, jambo ambalo Senti hakuwahi kuliona.

"Tulikubaliana," alisema.

"Tulikubaliana, Daktari. Lakini siku wakikagua, wakikuta risiti za kitanda zinasema elfu mbili, tutawaambia nini?"

"Na wakiukataa huu mstari wakaanza kuchokonoa yote? Nyumba nzima iende kwa ajili ya kitanda kimoja?"

"Mimi nimekilalia," alisema Senti.

Ni Daktari aliyemfunika Dada uso usiku ule, na alikuwa hajawahi kujiuliza yule mdogo wa marehemu alikwenda wapi baada ya hapo. Alikaa. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaifuta tena.

"Miaka thelathini nimewaambia watu 'pole, mtoto hayupo'," alisema. "Halafu nikageuka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Nilidhani wanakwenda kwao." Akachukua kalamu, akasaini. "Peleka."

Walipeleka kabla ya saa sita. Zikafuata wiki za kungoja, na Senti alizipitisha vibaya. Alijiona ameiweka nyumba nzima rehani kwa mstari mmoja. Watoto walipopita mlangoni kwake aliwatazama viatuni tu. Chuma kililia asubuhi mbili, na hakukiambia kinyamaze. Asubuhi ya pili alipeleka chai mwenyewe.

Simu ya afisa ilikuja mchana, Senti akiwa anakula. Ile sauti kavu ilisema kamati imepitisha bajeti yote. Senti alishika meza.

"Na ule mstari?"

"Nimesema yote." Akashusha sauti. "Nina swali lakini. Haliko kwenye fomu. Usiku mmoja, wakifiwa wawili?"

Senti hakutegemea swali hilo. Alitazama dari. Hata hivyo jibu alikuwa nalo, kwa sababu Mama Pacha alimsimulia siku waliyokunywa chai pamoja.

"Wa pili alikuwa analala kwenye kitanda cha Dada mwenyewe. Dada anakaa kwenye kiti."

"Na sasa?"

"Sasa nitakaa mimi."

Afisa alisikika akipumua. "Mimi nilikaa getini," alisema mwishowe, na simu ikakatika.

Jioni ile ile Mama Pacha aliita kutoka juu, na Senti akapanda badala ya kujibu akiwa chini. Walikuwa wamemvusha barabara mwanamke mmoja mdogo, karibu msichana. Alisimama kwenye mlango wa chumba kidogo na furushi kifuani, hataki kuingia. Alikuwa anatazama shuka safi kwa hofu.

"Siwezi," alisema. "Mimi sina mgonjwa tena. Na sina hela ya kulipia."

Senti alimpokea furushi, akaliweka kitini taratibu, nguo ndogo zisianguke.

"Kimeshalipiwa," alisema. "Mwaka mzima."

"Na nani?"

"Na Dada," alisema Senti, akamfungulia shuka.